Nusu kidonge cha Plasil na shingo iliyopinda

Wiki hii nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Morogoro. Mwanawe wa miaka mitatu, kilo 14, alikuwa anatapika na kuharisha. Duka la dawa wakampa metoklopramidi, ile wengi wanayoiita Plasil, vidonge vya miligramu 10, na juu ya bahasha wakaandika "½ x 3". Siku ya pili jioni shingo ya mtoto ikapinda upande, macho yakageuka juu yakaganda huko, ulimi ukawa unatoka nje wenyewe. Bibi yake akasema degedege, jirani akasema majini. Dada huyu naye ana mimba ya wiki tisa na kichefuchefu kinamsumbua. Anauliza kama anaweza kunywa vidonge vilivyobaki.

Dada, umeandika kwamba mwanao alikuwa anakuita "mama" huku taya limekaza. Hapo ndipo penye jibu. Mtoto mwenye degedege la mwili mzima hupoteza fahamu. Huyu alikuwa na akili zake zote, anaona na anasikia, ila misuli haimtii. Metoklopramidi huzuia kutapika kwa kuifunga kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosawazisha mienendo ya misuli. Ikifungwa kupita kiasi, kemikali nyingine, asetilikolini, inabaki bila mpinzani, na misuli ya shingo, macho na taya hujikaza yenyewe, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili tangu dozi ya kwanza.

Sasa tupige hesabu ya ile bahasha. Mtoto anapostahili dawa hii, kipimo ni miligramu 0.1 hadi 0.15 kwa kila kilo, na kwa siku nzima isizidi 0.5 kwa kilo. Kwa kilo 14, dozi moja haivuki miligramu 2.1, na kutwa nzima haivuki 7. Nusu kidonge ni miligramu 5. Mara tatu ni 15, zaidi ya maradufu. Inaniuma kwa sababu nusu kidonge kinaonekana kidogo machoni. Na hata kipimo kingekuwa sahihi, mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua mwaka 2013 kwamba watoto wa chini ya mwaka mmoja wasipewe kabisa, na wakubwa kidogo wapewe tu kama chaguo la pili, kwa kutapika kwa baada ya upasuaji au dawa za saratani. Kuharisha hakumo.

Misuli ikikaza hivi, acha dawa na mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ile bahasha uende nayo. Usimnyooshe shingo kwa nguvu wala usimtie kijiko mdomoni. Akikoroma au akivuta pumzi kwa shida, koo linaweza kuwa limekaza, na hiyo ni dharura. Sindano ya kupunguza asetilikolini, kama difenhidramini, kwa kawaida humlegeza ndani ya dakika chache. Mtoto mwenye homa achunguzwe pia malaria na homa ya uti wa mgongo, maana shingo ngumu ina sababu nyingi.

Kilichomfaa mwanao ni ORS, kijiko cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena taratibu. Ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Kutapika kukikataa kutulia, daktari anaweza kumpa ondansetroni dozi moja tu, miligramu 2 kwa uzito wake. Inaweza kuongeza kuharisha kidogo, na haifai kwa mwenye tatizo la mapigo ya moyo. Promethazini usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumzimisha pumzi.

Kuhusu mimba yako, metoklopramidi haijaonekana kumdhuru mtoto tumboni. Anayeweza kuumia ni wewe, kwa sababu wanawake walio chini ya miaka 30 wako kwenye kundi lile lile la hatari ya misuli kukaza kama watoto, pamoja na wenye figo dhaifu na wanaotumia dawa ya akili ya haloperidoli. Anza na vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, pamoja na doksilamini ikipatikana. Saiklizini au promethazini nazo zinafaa, ila zinaleta usingizi. Metoklopramidi ije baadaye, kwa maelekezo ya daktari: miligramu 10 zisizozidi mara tatu kwa siku, na zisivuke siku tano. Ikitolewa kwa mshipa, isukumwe taratibu, dakika tatu au zaidi, la sivyo utahangaika kitandani bila kutulia. Ondansetroni kabla ya wiki ya 10 huachiwa hali ngumu, kwa kuwa imehusishwa na ongezeko dogo la midomo sungura, takriban watoto watatu zaidi kati ya 10,000.

Ukikaa saa nane bila kukojoa, ukishindwa kubakiza hata maji, au ukipungua kilo tatu kutoka kwenye 60, nenda hospitali ukawekewe dripu. Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Na kwenye kadi ya kliniki ya mwanao, mwombe mhudumu aandike kwa wino: "Metoklopramidi: misuli kukaza. Asipewe tena."