Kodi ilinizidi kwa 22,500, na slipu ilikuwa inasema wazi

Dada yangu ni mwalimu Newala. Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara mjini, kampuni binafsi. Novemba 2023 alishuka mjini, tukawa tunamenya ming'oko barazani, mazungumzo yakaangukia mishahara. Kumbe wote wawili tulikuwa na mshahara wa msingi wa 900,000, bila posho. Tukatoa slipu. Yeye kwenye mstari wa PAYE, yaani kodi ya mshahara, amekatwa 91,750, mimi 103,000.

Hapo ndipo nilipopata shaka, maana ilitakiwa iwe kinyume. Mwalimu anachangia PSSSF asilimia 5 ya mshahara wake, mimi NSSF nakatwa asilimia 10. Mchango wa pensheni unatolewa kwanza, kisha kodi inapigwa kwenye kinachobaki. Anayechangia zaidi anabakiwa na kiasi kidogo cha kutozwa kodi, kwa hiyo kodi yangu ilipaswa kuwa chini ya yake.

Nikachukua kalkuleta. Kwa viwango vya TRA vya Bara vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25, na kinachozidi milioni ni asilimia 30. Kila asilimia inagusa kipande chake tu. Wanaosema ukivuka daraja mshahara wote unapigwa asilimia mpya wanatishana bure. Ukifika 760,000 kodi ya vipande vya chini imeshatimia 68,000, hivyo mtu wa mshahara kama wangu anaanzia hapo.

Kwangu: 900,000 toa NSSF 90,000, inabaki 810,000. Imezidi 760,000 kwa 50,000. Asilimia 25 yake ni 12,500. Jumlisha na 68,000, unapata 80,500. Slipu ilisema 103,000. Tofauti 22,500, ambayo ni asilimia 25 ya 90,000 kamili. Yaani mhasibu alipiga kodi kwenye mshahara mzima, kana kwamba NSSF haipo.

Njia hiyo ya haraka, ya kulinganisha tofauti na asilimia ya mchango, ina mpaka wake. Inatoa jibu kamili pale tu ambapo mshahara kabla na baada ya pensheni uko kwenye daraja lilelile. Mwenye 800,000 akitoa 80,000 anashuka hadi 720,000, daraja la asilimia 20. Kodi yake sahihi ni 60,000. Ikipigwa kwenye mshahara mzima inakuwa 78,000. Tofauti ni 18,000, ambayo si asilimia 20 wala 25 ya ule mchango. Huyo itabidi apige hesabu yote mara mbili.

Kesho yake nikaenda kwa mhasibu na slipu za nyuma. Sikwenda kwa shari; nilimwomba tu tufungue faili lake la Excel tuangalie mstari wangu. D ni mshahara mzima, E ni NSSF. Fomula ya juu ndiyo tuliyoikuta, ya chini ndiyo aliyoiweka:

```
=68000+(D5-760000)*25%
=68000+(D5-E5-760000)*25%
```

Faili lilikuwa jipya, limeanza kutumika Juni, na wenzangu wote wa daraja langu walikuwa wamekatwa vivyo hivyo. Miezi mitano mara 22,500 ni 112,500. Walirekebisha ritani zao, nikalipwa pamoja na mshahara wa Desemba.

Makato mengine hayakunichukua muda. Bima ya NHIF ni asilimia 3 upande wa mfanyakazi, na haipunguzi kiasi cha kutozwa kodi. Mkopo wa elimu ya juu wa HESLB ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nao haupunguzi kodi. Ukiona tozo ya ujuzi ya SDL au mchango wa fidia wa WCF kwenye makato yako, uliza siku hiyohiyo, kwa sababu hizo analipa mwajiri kutoka mfukoni mwake.

Kilichonisumbua zaidi ni mstari wa NSSF wenyewe. Hesabu yake ilikuwa sawa, 90,000 kila mwezi, lakini slipu inaonyesha kilichokatwa tu, haionyeshi kama kimefika. Nikaenda ofisi ya NSSF hapa mjini na namba yangu ya uanachama, nikaomba taarifa ya michango, nikailinganisha na slipu mwezi kwa mwezi. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha kupeleka mchango, kwa hiyo Oktoba kutoonekana mwanzoni mwa Novemba hakukunishtua. Lakini Agosti nayo haikuwepo. Nikarudi kwa mhasibu na karatasi hiyo.