Sebule kwenye picha: kwa nini hii inabana na ile imetulia

Ninyi mnaoanza kazi ya upambaji mtakutana na swali hili kila wiki: mteja anatuma picha ya sebule yake na maneno mawili matatu, "inanibana" au "imepoa mno", halafu anasubiri umwambie kosa liko wapi. Wengi hukimbilia kutaja rangi. Nyekundu imezidi, kahawia ni nzito, paka nyeupe. Mteja anapaka nyeupe, na sebule inabana vilevile.

Tuchukue picha moja ya aina mtakayoiona sana Dar. Chumba kina upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 4.1, dirisha moja. Ukuta umepakwa rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea kuanzia chini hadi mita 1.2, juu yake ni krimu. Sofa za ngozi ya bandia, kahawia inayokaribia nyeusi. Mapazia ya damu ya mzee, bomba lake limefungwa juu kidogo tu ya fremu ya dirisha, na kitambaa kinaishia chini kidogo ya kizingiti. Vigae vyeupe vinavyong'aa, katikati kapeti jekundu lenye maua. Mwenye nyumba anauliza kama apake kuta zote nyeupe.

Kabla ya kujibu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Simu yoyote inaweza. Rangi zikishaondoka unabaki na kitu kimoja, yaani nini kinang'aa na nini kina giza, na hapo ndipo jicho linapopima ukubwa wa chumba. Katika picha yetu utaona mkanda wa giza unaozunguka chumba chote kwa usawa wa kiuno. Pazia ni kipande cheusi kinachoning'inia katikati ya ukuta mweupe. Kapeti limekuwa kisiwa cheusi juu ya vigae vyeupe. Kila giza linapokutana na mwanga ghafla panatokea mstari, na jicho linasimama hapo. Ukuta wenye kimo cha mita 2.7 umekatwa kwenye mita 1.2, kisha ukakatwa tena penye bomba la pazia. Hakuna sehemu ambayo jicho linapanda kutoka sakafuni hadi dari bila kuzuiwa. Ndiyo maana dari linaonekana fupi, ingawa ukilipima ni la kawaida kabisa.

Sasa lile wazo la kupaka nyeupe. Baadhi ya viwanda vya rangi huandika kwenye kadi zao asilimia ya mwanga ambao rangi inaurudisha: sifuri ni nyeusi tupu, mia ni nyeupe tupu. Nyeupe ya ukutani huwa kwenye 85 hivi. Sofa kama zile ziko kwenye 10 au chini yake. Ukiziweka pamoja umetengeneza pengo la 75, na sofa zitajitokeza kuliko mwanzo, kana kwamba zimeongezwa ukubwa. Ukichagua rangi ya chai ya maziwa yenye 55, pengo linashuka hadi 45. Sofa ni zilezile, hazijasogezwa, lakini zinaanza kukaa ndani ya chumba badala ya kukijaza.

Kwa hiyo jibu langu kwa mteja huyu lingekuwa: ukuta rangi moja ya kati kutoka chini hadi juu, mapazia ya rangi inayokaribiana na ukuta, bomba lipande karibu na dari na kitambaa kifike sakafuni, kapeti libadilishwe kwa la rangi ya mchanga. Sofa zibaki, maana ndizo ghali. Na mwambieni fundi mapema kwamba ile sehemu ya rangi ya mafuta ipigwe msasa na kupakwa praima kwanza. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya mafuta inayong'aa haishiki, na baada ya muda inabanduka vipande vipande.

Msije mkadhani giza ndilo adui. Chumba kidogo kilichopakwa bluu iliyokolea kuta zote, mlango na skatingi pamoja, kinaweza kuonekana kipana kuliko chetu, kwa sababu pembe zake zinapotea na jicho halijui ukuta unaishia wapi. Kinahitaji taa za kutosha, na vumbi litaonekana. Lakini hakibani.

Utulivu unatoka hapohapo. Sebule inatulia vitu vyake vikubwa vikikaribiana kwa mwanga, na rangi zake zikiwa zimepoozwa kidogo, si kali. Mto mmoja wa njano kali juu ya sofa hauharibu kitu. Mito sita ya rangi sita ndiyo inayopiga kelele. Kuna mpaka, hata hivyo: kila kitu kikiwa kijivu chini ya taa nyeupe, chumba kinafanana na mapokezi ya zahanati. Hapo mteja anasema "imepoa", na hakusudii kukisifu.

Joto ni habari nyingine, na hapa ndipo picha hudanganya zaidi. Kapeti letu ni jekundu, pazia ni damu ya mzee, na bado picha haina joto hata kidogo. Tazameni taa. Balbu nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni za 6500K, namba ya rangi ya mwanga iliyo kwenye boksi, na mwanga wake unaelekea ubluu. Unaangukia vigae vinavyong'aa na kurudi juu ukiwa baridi vilevile, huku nyekundu ya kapeti ikizimika na kuelekea uzambarau. Badilisha ziwe za 2700K au 3000K na rangi ya mbao, ngozi na krimu inaamka yenyewe. Mara nyingi hili ndilo badiliko la bei ndogo kuliko yote, na ndilo ninaloanza nalo.

Ila kabla ya kumwambia mtu kwamba ukuta wake una ubluu au umanjano, tafuteni kwenye picha kitu mnachojua ni cheupe: karatasi, soketi, dari. Kama nacho kina ubluu, basi ni taa au kamera, si rangi ya ukuta. Kama upande wa dirishani una ubluu na upande wa balbu una uchungwa, mwanga ni wa aina mbili na hakuna rangi unayoweza kuihukumu katika picha hiyo. Mwombeni mteja apige tena, mara moja mchana taa zikiwa zimezimwa, mara moja usiku, na aweke karatasi nyeupe ukutani. Apige kwa lenzi ya kawaida, 1x. Ile ya 0.5x inavuta pembe na kukipanua chumba, kiasi kwamba sebule inayobana itaonekana ukumbi.

Angalieni pia rangi inayoruka kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Jua likipita dirishani na kugonga kapeti jekundu, sehemu ya chini ya ukuta wa krimu inakuwa ya waridi. Mteja atalaumu rangi ya ukuta, fundi atalaumiwa, na ukuta hauna hatia.

Mkiandika jibu, tajeni kitu, mahali kilipo na kinachosababisha. "Pazia linaishia chini ya dirisha na ni jeusi kuliko ukuta, kwa hiyo linaukata ukuta vipande viwili" ni maelezo ambayo mteja anaweza kuyaona mwenyewe akirudi kwenye picha yake. "Rangi hazipatani" hatajua aanzie wapi, na atakupigia simu tena.