Kura ya kiranja Darasa la Sita: aliyeshindwa akubalije?

"Wadau, nataka Darasa la Sita wachague kiranja kwa kura kama sehemu ya Uraia na Maadili. Mwaka jana walioshindwa walidai kura zimeibwa. Nifanyeje?"

Mwalimu, kwanza amua kama mshindi atashika ukiranja kweli, na uwaambie kabla ya kampeni. Ukija kumweka mwingine kwa sababu aliyeshinda ni mtundu, somo limekufa hapo hapo.

Kampeni ziwe fupi: kila mgombea dakika tatu, kisha maswali mawili kutoka darasani. Atakayeahidi kufuta mtihani wa Ijumaa aulizwe ataufutaje. Wenzake watamuumbua wenyewe. Pipi na kalamu za kugawa zipigwe marufuku mapema, na kampeni zifungwe siku moja kabla ya kura, kama kwenye uchaguzi mkuu.

Madai ya wizi huzaliwa kwenye hesabu. Tuseme darasa lina wanafunzi 52 na waliofika ni 49. Karatasi moja ya A4 inatoa kura nne, kwa hiyo 13 zinatosha darasa zima. Usiandike namba kwenye kura, maana siri itavuja. Gonga mhuri nyuma unapomkabidhi mpiga kura, na jina lake liwekewe alama kwenye orodha ya mahudhurio. Ndani ya kituturi (meza iliyozungushiwa maboksi inatosha) funga kalamu moja kwa uzi. Kila mtu akitumia ya kwake, rangi ya wino itamtaja.

Sanduku lionyeshwe tupu kabla ya kufungwa kwa selotepu. Likifunguliwa, hesabuni karatasi zote kwanza bila kusoma majina: zikiwa 49, sawa na alama za kwenye orodha, endeleeni. Zikiwa 50, tafuteni isiyo na mhuri. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanabaki kubishana baadaye.

Kisha msimamizi, ambaye ni mwanafunzi asiyegombea, anainua kura moja moja mawakala waione, mwingine anachora vijiti ubaoni. Mathalani A 20, B 17, C 10, zilizoharibika 2: jumla 49. Iliyoharibika ni ile yenye vema kwa wagombea wawili, isiyo na alama yoyote, au yenye jina la mpiga kura. Vema iliyopinda lakini imeangukia kwa mtu mmoja ihesabiwe. Kubalianeni haya kabla ya kufungua sanduku. Mkishaona kura ni ya nani, kila wakala ataivutia kwake.

Wakala wa B akipinga, aseme kura ipi na kwa nini, kisha mrudie kuhesabu mara moja tu. Baada ya hapo mawakala wote wanasaini fomu ya matokeo na inabandikwa mlangoni. Wakifungana, rudieni kura kati ya hao wawili siku inayofuata. Wewe usipige kura wala usiguse karatasi baada ya kuzigonga mhuri.