Wasifu wa mhalifu si ushahidi

"Je, mwanasaikolojia anaweza kumtambua muuaji kwa kuangalia tu eneo la tukio?"

Mkuu, hawezi, anachoweza ni kuwasaidia wapelelezi kuamua waanzie wapi. Msingi wa wasifu wa mhalifu, yaani makisio ya mhalifu ni mtu wa aina gani kutokana na alivyotenda, unabishaniwa kwa sababu hudhaniwa kwamba wanaotenda uhalifu kwa namna moja hufanana pia kwa umri, kazi na maisha, dhana ambayo utafiti juu ya wabakaji wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2002, haukuithibitisha.

Rachel Nickell alipouawa London mwaka 1992, polisi walimwona mwanamume mmoja analingana na wasifu, wakamtuma askari wa kike ajifanye anamtaka, ili akiri. Hakukiri, na mwaka 1994 jaji aliukataa ushahidi uliopatikana kwa mtego huo. Muuaji halisi, Robert Napper, aliyebainika baadaye kwa vinasaba, alikuwa huru, na mwaka 1993 akaua mama na mtoto wake.