Omba siku, si bei, na deni uliwekee mpaka

Swali la wiki: "Nataka anayeniuzia bidhaa anipunguzie bei au anipe muda wa kulipa, lakini tusikosane. Nimwandikie vipi?"

Jiulize kwanza kinachokubana ni nini. Mimi naoka mikate hapa Umoja, na kila Jumatatu naletewa magunia 20 ya unga kutoka Industrial Area, Sh4,000 kila gunia. Shule ninazouzia hulipa mwisho wa mwezi, ilhali unga nilikuwa naulipia papo hapo ukishushwa. Hata ningepunguziwa Sh100 kwa gunia, pesa zangu bado zingekuwa zimekwama shuleni. Nikaomba siku 14.

Nilimpigia simu kwanza kijana wa mauzo ili barua isimshtukize. Lakini yeye hana uwezo wa kukubali. Mwenye neno la mwisho ni mhasibu, ambaye hajawahi kukanyaga kwangu, na anachotaka kujua ni kimoja: huyu asipolipa, tutapoteza kiasi gani? Barua yangu ilimjibu hivi:

"Salamu. Tumenunua unga kwenu tangu mwaka juzi, na kila mzigo tumeulipia siku ulipofika. Tunaomba kulipa kila ankara ndani ya siku 14 tangu mzigo ufike, kwa majaribio ya miezi mitatu. Deni halitazidi Sh160,000: mzigo wa tatu usishushwe kabla wa kwanza haujalipwa. Kwa upande wetu, tutathibitisha oda kila Alhamisi ili mpange lori mapema. Ikiwa hili haliwezekani kwa sasa, tutaendelea kulipa kama kawaida."

Hayo maneno "tangu mzigo ufike" usiyaache. Ankara ikiandikwa Ijumaa na unga ukaja Jumatatu, umeshapoteza siku tatu, na huko ndiko ugomvi huanzia, kila mmoja akiamini ndiye mwenye haki. Sentensi ya mwisho nayo iandike tu ikiwa unaimaanisha. Inampa nafasi ya kukataa bila kuona haya, nawe unabaki mteja.

Bei ya mshindani sikuitaja. Ukiomba bei ipunguzwe unaweza kuitaja, ila hakikisha mnalinganisha gredi ileile ya unga na kwamba usafiri umo ndani ya bei zote mbili. La sivyo, mhasibu atakupangua kwa mstari mmoja, na ombi lijalo atalisoma kwa shaka.

Walinijibu kwamba wanaweza siku 7. Nilishukuru na kuandika siku hiyohiyo tulichokubaliana: siku 7 tangu mzigo ufike, deni lisizidi Sh80,000. Wiki moja shule zilipochelewa, niliwajulisha Ijumaa, kabla siku ya kulipa haijafika, nikawatajia siku nitakayolipa. Zile 14 walinipa miezi mitatu ilipokwisha, nilipoomba tena na kuambatisha orodha ya ankara zote, kila moja na tarehe niliyoilipa, ile iliyochelewa ikiwemo.