Mono au poli? Wadogo zangu, anzeni na kikokotoo

Wiki iliyopita nilimsikia kijana mmoja wa sola, fundi mzuri tu wa mikono, akimwambia mteja anayechagua kati ya aina mbili za paneli, kwa sauti ya mhadhiri: "Mama, poli ni ya joto, mono ni ya mawingu." Saiti ya pili, kijana mwingine akasema vilevile ila kinyume. Wote wawili waliuza. Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema hata mimi, ila sasa basi. Kaeni chini.

1. Soma mstari mmoja kwenye karatasi ya paneli.

Wati za kwenye stika zimepimwa seli ikiwa na nyuzi 25. Hakuna bati la Tanzania lenye nyuzi 25 saa saba mchana. Kwenye karatasi ya paneli tafuta mstari wa Pmax, yaani wati za juu kabisa, wenye alama ya %/°C. Huo ndio unaokwambia paneli inapoteza asilimia ngapi kila seli inapopanda nyuzi moja juu ya 25.

Tufanye hesabu pamoja, maana najua mkiachiwa hamfanyi. Chukua paneli za wati 300, seli zikiwa nyuzi 65, yaani 40 juu ya kipimo. Poli ya kawaida ina −0.41, kwa hiyo inapoteza asilimia 16.4 na kubaki na wati 251 hivi. Mono ya aina ya PERC yenye −0.35 inapoteza 14 na kubaki na 258. Tofauti ni wati saba: taa moja ya LED ya chooni. Mono mpya za N-type zenye −0.30 zinabaki na 264. Lakini zipo mono za zamani, zile zinazoletwa zimetumika, zenye −0.45. Hizo zinabaki na 246, yaani mono imepigwa na poli.

Umeona? Jina halikukwambia kitu, namba ndiyo imekwambia. Usemi wa "poli ni ya joto" ulitoka enzi hizo ambapo namba za mono na poli zilikaribiana na mara nyingine poli ikatangulia kidogo. Tangu PERC ienee mambo yamegeuka, na viwanda vingi vimeshaacha kabisa kutengeneza poli. Usemi haujapata taarifa.

2. Seli ina joto lake, si joto la hewa.

Kijana anatazama simu, inasema nyuzi 32, anapiga hesabu ya nyuzi saba juu ya 25. Hapana. Karatasi ileile ina namba inaitwa NOCT, mara nyingi ni 45. Hiyo ni joto la seli kukiwa na hewa ya nyuzi 20, jua la wati 800 kwa mita ya mraba, na kaupepo kidogo. Kwa hiyo jua hilo linapandisha seli nyuzi 25 juu ya hewa. Jua likiwa 900 linapandisha 28. Hewa 32 ukijumlisha 28 unapata 60, na hapo paneli inapumua vizuri chini yake. Ukiilaza karibu na bati, ongeza nyuzi kumi bila kuuliza. Nyuzi kumi ni karibu asilimia nne, yaani kubwa kuliko ugomvi wenu wote wa mono na poli. Acha nafasi ya kiganja kilichosimama kati ya bati na paneli. Nimemaliza.

3. Joto linakula volti, ukungu unakula ampea.

Hapa ndipo nilipochomeka, na nitasimulia yote kwa sababu mwezi huu nimeona saiti mbili zinaelekea kulekule.

Nyumba ya wageni, Kilwa Masoko. Mfumo wa volti 24, betri za maji za 400 Ah, chaji kontrola ya PWM, ile inayoiburuza paneli kwenye volti za betri, paneli nne za poli za wati 300 kila moja, seli 72. Ulikuwa unafanya kazi vizuri. Siku moja nazi ikaangukia paneli moja, kioo kikawa utando wa buibui. Mzee mwenye nyumba akaniita nibadilishe moja. Mimi, mjuaji, nikamwambia: "Mzee wangu, tuzitoe zote. Huku kuna joto, na kuna ukungu wa bahari asubuhi na moshi wa mashamba kiangazi. Mono inahimili vyote viwili." Akakubali, maana aliniamini. Nikafunga mono nne za wati 300, nzuri, nyeusi, fupi kuliko zile za mwanzo. Ufupi ule ungenishtua kama ningekuwa na akili. Zilikuwa za seli 60.

Poli tatu zilizobaki nzima akazinunua jirani yake.

Baada ya muda simu zikaanza. "Fundi, friji linazimika alfajiri." Nikamwambia ni ukungu, mzee, tusubiri jua. Jua likaja. "Fundi, bado." Nikamwambia wageni wanachaji simu nyingi. Jibu la uongo la kila fundi wa sola tangu sola ianze! Akaniuliza kwa upole, mbona kwa jirani taa zinawaka mpaka asubuhi? Sikuwa na jibu, nikapanda basi.

Nilipofika, haidromita ilinionyesha 1.20 kwenye selo nyingi za betri, wakati betri iliyojaa inapaswa kuwa karibu 1.265. Saa saba mchana, anga jeupe, hakuna wingu. Betri ilikuwa kwenye volti 28 na imekwama hapo, wakati kontrola inaitaka ifike 28.8 na ikae. Klampu mita ilisoma ampea 26. Paneli nne za ampea tisa na ushee! Nikakagua fyuzi, nikakagua viungio, nikamlaumu aliyetengeneza paneli. Mwishowe nikapanda juu na ndoo ya maji, nikamwaga (msiige, kioo cha moto kikipigwa maji baridi kinaweza kupasuka). Kijana aliyekuwa chini na mita akapaza sauti: "Inapanda! Thelathini! Thelathini na mbili!"

Nilikaa pale juu ya kenchi nikiwa nimelowa, nikaelewa kila kitu kwa mpigo.

Mono ya seli 60 ilikuwa na Vmp, yaani volti paneli inapotoa wati nyingi kabisa, ya 32.5. Kwenye karatasi ni zaidi ya kutosha kwa betri ya 24. Lakini nilikuwa nimezilaza karibu na bati, seli zikafika nyuzi 68 na zaidi. Vmp hupungua kwa asilimia karibu na ile ya Pmax, hata kuzidi kidogo, kwa 0.38 mara nyuzi 43 nilipoteza asilimia 16. Ikabaki 27.2. Waya kutoka juu hadi kontrola ulikuwa unakula volti moja na nusu hivi. Ili betri ipate 28.8, paneli ilitakiwa isukume zaidi ya 30. Ukiilazimisha paneli ifanye kazi juu ya Vmp yake, mkondo hausimami ghafla, unaporomoka taratibu, na kila betri inavyokaribia kujaa ndivyo unavyozidi kuporomoka. Kwa hiyo betri haikuwahi kumaliza chaji, siku baada ya siku, mpaka salfa ikaganda kwenye sahani.

Na zile poli? Zilipoteza asilimia kubwa zaidi kwa joto, kama vitabu vinavyosema. Lakini zilianzia 36, kwa hiyo hata zikiungua zilibaki juu ya 29. Nilichagua seli iliyo bora nikaifunga kwenye mfumo usioifaa. Asubuhi ukungu ulinipa volti bila ampea, mchana joto likaninyima volti.

Tiba: nikaziunga mbilimbili kwa mfuatano, nikaweka kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, yenye ingizo la volti 150, nikazinyanyua kutoka kwenye bati. Betri mbili hazikurudi, nikalipa nusu kwa mfuko wangu. Mzee alinipa chai na samaki, jambo lililoniuma kuliko angenitukana.

Kwa hiyo hesabuni seli kabla ya kufunga. Zile zilizokatwa nusu, 120 ni sawa na 60 na 144 ni sawa na 72.

4. Kuhusu ukungu, acheni kupima Voc na kushangilia.

Nimeona kijana saa moja na nusu asubuhi, ukungu mzito, anapima Voc, yaani volti za paneli tupu isiyounganishwa na kitu, anasoma karibu volti zote za kwenye stika, anasema paneli iko poa. Voc haishuki sana mwanga ukipungua. Mwanga ukibaki moja ya tano, volti zinapungua asilimia chache tu. Pima Isc, yaani ampea nyaya mbili za paneli zikigusanishwa kupitia mita. Kama stika inasema ampea 9.8 na wewe unasoma 2, basi jua lililopo ni kama wati 200 kwa mita ya mraba, na paneli yenyewe ndiyo imekuwa mita yako ya jua.

Katika mwanga huo, mono na poli zote mbili zitakupa karibu moja ya tano ya wati zake, pungufu kidogo. Hakuna seli inayovuta mwanga uliotawanyika kwa upendeleo. Kinachotofautisha ni uvujaji wa ndani: kila seli ina njia ndogondogo ambazo umeme unapita bila kukufikia. Jua likiwa kali uvujaji huo hauonekani, ukungu ukija unakula sehemu kubwa ya kidogo kilichopo. Poli, kwa kuwa imegandishwa kwa punje nyingi, ilielekea kuvuja zaidi. Lakini mono ya bei ya kutupa inaweza kuvuja kuliko poli iliyotengenezwa kwa makini. Karatasi nzuri ina kipimo cha jua la wati 200. Ukikuta ufanisi hapo unabaki asilimia 96 au 97 ya ule wa jua kamili, nunua.

Na mkilinganisha, gaweni kwa wati za stika. Kusema mono ya 450 imeishinda poli ya 330 kwenye ukungu si utafiti.

5. Poli bado ina kazi moja.

Ikivunjika paneli moja kwenye mfuatano wa poli za zamani, usikimbilie mono mpya ya ampea 13. Katika mfuatano, mkondo wote unafuata ile dhaifu, kwa hiyo ampea zako za ziada zitakaa bure juu ya paa. Tafuta poli ya zamani yenye Imp ileile, yaani ampea zilezile za kazini, hata kama rangi yake ya bluu imepauka. Mteja akilalamika kwamba hazifanani, mwonyeshe klampu mita.

Mimi kwa Mzee wa Kilwa nilitakiwa kununua paneli moja tu. Na kukata mnazi.