Miaka kumi ya karakana, na tundu la upande wa ndani

Karakana yetu ya baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, imetimiza miaka kumi. Wenzangu wawili watatu wenye biashara ndogo wameniuliza niliiandikaje ile shukrani niliyowatumia wateja kwa wasapu, maana na wao siku yao inakaribia. Naeleza nilivyofanya, na nilipokosea kwanza.

Tulipotimiza miaka mitano niliandika hesabu. Nilikaa na daftari la kazi usiku kucha, nikajumlisha baiskeli zote zilizopita mikononi mwetu, nikatangaza idadi kwa herufi kubwa. Jibu la kwanza lilitoka kwa mama mmoja jirani: "Hongera fundi, basi punguza bei ya kiraka." La pili lilikuwa la mtu aliyetaka nimkopeshe. Sikuwalaumu. Mteja akiona jumla kubwa huona hela zake zilikokwenda. Yeye mwenyewe hajioni humo.

Safari hii nikasema nitasimulia kisa kimoja tu. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi: muuza maziwa anayetoka Pongwe amevunjikiwa spoku alfajiri, madumu yamejaa kwenye keria, nikamwazima baiskeli yangu maziwa yasije yakachachuka. Ni kweli tupu. Nikampa binti yangu asome, akacheka.

"Baba, hapa unajishukuru mwenyewe."

Niliporudia kusoma nikaona aibu. Nilimwazima, nilimtengenezea, nilimpokea. Mzee wa watu kazi yake kusimama na kupokea tu. Sasa kipimo changu ni hicho: soma kisa chako uangalie kila tendo ni la nani. Yakiwa yako karibu yote, hilo ni tangazo. Tafuta siku ambayo mteja ndiye aliyetenda, na kazi yako ikabadilika kwa sababu yake.

Bahati nzuri mzee yule yule alikuwa na kisa kingine. Hiki ndicho nilichotuma:

"Mwaka wetu wa pili, mzee wetu wa maziwa alirudi na pancha ya nyuma, siku chache tu baada ya kumbadilishia spoku. Tukaziba, tukasema ni miiba. Akarudi tena, tukaziba tena. Mara ya tatu hakunikabidhi baiskeli. Aliketi kwenye benchi, akatoa tyubu mwenyewe, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni hadi mapovu yakatoka. Akasema, 'Fundi, mwiba huingia kwa nje. Tundu hili liko upande wa rimu.' Nikapitisha kidole ndani ya rimu, kikachanika. Spoku nilizoweka zilikuwa ndefu mno, ncha zimetokeza na kuichoma tyubu kila alipopakia mzigo. Tukazipiga tupa zikawa sawa, tukafunika kwa utepe mpya. Wiki ile ile akatuletea jirani yake. Tangu hapo gurudumu halitoki hapa kabla kidole hakijazunguka rimu yote. Asanteni nyote mliorudi kutuambia tulipoharibu."

Fundi mwenzangu alinionya kwamba nimewapa washindani fimbo ya kunichapia. Mimi naona inategemea kosa lenyewe. Hili lilikuwa la zamani, halikumuumiza mtu zaidi ya kidole changu, na dawa yake anaiona kila anayeleta gurudumu. Kosa ambalo bado unalifanya usilisimulie, lirekebishe kwanza. Na visa vya madeni usiviguse kabisa, hata kama mteja alilipa vizuri, kwa sababu kesho yake mtaa mzima utakuwa unabashiri ni nani.

Punguzo la bei sikuliweka. Nililitangaza siku nne baadaye, peke yake. Nilipolijaribu chini ya kisa, macho yalikimbilia bei na tyubu ikasahaulika. Urefu nao niliupima kwa simu yangu ndogo: nikafuta hadi mtu aweze kuimaliza huku anasubiri kiraka kikauke.

Jina la mzee sikuliandika, lakini barabara ile nani asiyemjua? Kwa hiyo kabla ya kutuma nilimngoja asubuhi apite. Nikamwamkia, nikamwomba asikilize. Hasomi vizuri bila miwani, nikamsomea kwa sauti, mguu wake mmoja chini na mwingine kwenye pedeli. Nilipofika kwenye beseni akatabasamu. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, nikadhani amekasirika.

"Umekosea pahala," akasema.

"Wapi, mzee wangu?"

"Si mara ya tatu. Ilikuwa ya nne. Hiyo moja hukuwepo, aliziba kijana wako."

Nikarekebisha kwenye simu mbele yake, akaondoka na madumu yake. Mliyoyasoma hapo juu ni maneno ya kabla hajanisahihisha. Wateja walipata yenye mara nne.